Ndoo ya tokeni haijavunja kikomo

“Nimetumia ndoo ya tokeni kuwekea mtandao kikomo cha megabiti 8 kwa sekunde, mbona grafu inafika 12? Ndoo ya tokeni si ni ileile ndoo inayovuja?”

Hapana. Katika ndoo inayovuja, iliyo foleni, pakiti zenyewe ndizo zinazomwagwa ndani, nazo hutoka kwa tundu moja la kasi ileile hata kama laini iko tupu. Ndoo ya tokeni haibebi pakiti, inabeba tokeni, yaani vibali vya kutuma data. Ukikaa kimya vibali hujilimbikiza mpaka ndoo ijae, kisha unaweza kuvitumia vyote kwa mkupuo.

Tuseme tokeni zinaingia kilobaiti 1,000 kwa sekunde (ndizo megabiti 8), ndoo inabeba kilobaiti 500, na laini inapitisha kilobaiti 5,000 kwa sekunde. Wengi hugawa 500 kwa 5,000 na kusahau kwamba ndoo inaendelea kujazwa wakati inachotwa. Hesabu sahihi:

```
500 / (5000 - 1000) = 0.125
```

Kwa sekunde 0.125 data inakwenda kwa kasi yote ya laini, jumla kilobaiti 625, kisha inashuka hadi 1,000 kwa sekunde. Sekunde ya kwanza hupita kilobaiti 1,500, na hiyo ndiyo 12 yako. Pima sekunde 10 uone wastani ukishuka hadi megabiti 8.4.

Ila usiifanye ndoo kuwa kijiko: ikiwa ndogo kuliko pakiti ya baiti 1,500, pakiti hiyo haitapita kamwe.