Je, wajua kwa nini mtu mmoja anaweza kuwa na presha ya kushuka na ya kupanda siku hiyo hiyo?

"Baba ana kisukari siku nyingi. Akisimama anaona giza na presha inasoma 108, akilala inasoma 168. Sasa ana ya kushuka au ya kupanda, au mashine mbovu?"

Mashine haina shida, baba anazo zote mbili na mara nyingi chanzo ni kimoja tu.

Mtu yeyote akisimama, damu kama nusu lita hadi karibu lita nzima inateremkia miguuni na tumboni. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifuani kuna vihisio vinavyopima presha kila pigo la moyo, vikiona imepungua ubongo unatuma taarifa kwa mishipa ya fahamu, inamwaga kemikali inaitwa noradrenalini, mishipa ya damu inabana, moyo unaongeza kasi, na yote haya yanaisha ndani ya sekunde chache hata hujajua. Sasa sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu mishipa hiyo ya fahamu, ile ile familia inayoleta ganzi miguuni, na kwenye Pakinsoni, ugonjwa wa kutetemeka, kuna protini inayojirundika ndani ya neva hizo hizo mpaka zinakufa, kwa hiyo taarifa inatumwa lakini haifiki. Mishipa ya damu haibani, damu inabaki chini, kichwa kinakosa. Wengine hata hawasikii kizunguzungu, wanasikia maumivu ya shingo na mabega wakisimama yakiisha wakikaa, na wanatibiwa mgongo bure.

Na kulala? Damu yote ya miguuni inarudi kifuani kwa mkupuo, na mfumo ule ule uliotakiwa kulegeza mishipa haufanyi kazi, kwa hiyo presha inapanda na hakuna wa kuishusha. Karibu nusu ya wagonjwa hawa wanafika 140/90 au zaidi wakilala chali. Halafu figo zikiona presha kubwa usiku zinatoa chumvi na maji, mzee anaamka kukojoa mara tatu nne, asubuhi mwili umekauka, na ndo maana asubuhi kuanguka ni kwingi kuliko jioni. Yaani presha ya usiku ndiyo inayoizidisha ile ya kushuka.

Utajuaje kwamba ni neva? Mlaze dakika 5, pima presha na mapigo, msimamishe huku umemshika, pima dakika ya 1 na ya 3. Tuseme amelala ni 168/92 mapigo 72, dakika ya 3 ni 108/64 mapigo 78. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10 tayari ni tatizo, huyu kashuka 60! Lakini angalia mapigo, yameongezeka 6 tu. Mtu aliyeharisha au kupungukiwa damu akishuka hivyo moyo wake ungekimbia sana, huyu moyo umetulia kwa sababu hakuna aliyeuambia ukimbie. (Kama anatumia dawa za kupunguza mapigo, kipimo hiki kinadanganya, mwambie dokta.)

Kinachoniuma ni kwamba kliniki nyingi wanampima akiwa amekaa tu, wanaona 150, wanaongeza dawa ya presha, wiki ijayo mzee kavunjika nyonga. Waombeni wapime amelala na amesimama, na wapitie dawa zote, hata zile za tezi dume, zipo zinazoshusha presha.

Nyumbani anzeni na kitanda. Inueni miguu ya upande wa kichwa kwa matofali au mbao, sentimita 15 hadi 20, kitanda kizima kiiname, mito peke yake haisaidii maana inakunja shingo tu. Mchana asilale chali kabisa, akichoka akae kwenye kiti cha kuegemea. Kabla ya kuinuka asubuhi anywe maji nusu lita haraka haraka, presha inapanda kwa muda wa saa moja hivi, ila mwenye moyo au figo mbovu amuulize dokta kwanza. Sahani kubwa ya ugali au wali inavuta damu tumboni na kushusha presha, kwa hiyo ale kidogo kidogo.

Akipewa midodrini, dawa ya kupandisha presha, dozi ya mwisho iwe angalau saa 4 kabla ya kulala, la sivyo itampandisha usiku. Na kama ya usiku bado iko juu sana, dokta anaweza kumpa dawa ya kushusha inayokaa muda mfupi, ya kunywa wakati wa kulala tu, lakini hapo akiamka usiku kwenda chooni lazima awe na mtu au chombo cha kukojolea kiwe kitandani, maana anakuwa katika hatari zaidi ya kuanguka kuliko mchana.