Je, hadithi nyingi zinatosha kumfundisha mtoto kusoma?

“Si mtoto hujifunza kusoma kama alivyojifunza kusema, mradi asomewe hadithi nyingi?”

Hapana. Kusema huja kwa kusikia. Herufi lazima aonyeshwe. Mwaka 2000, jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilipitia tafiti 38 zilizolinganisha kufundisha sauti za herufi kwa mpangilio na njia nyingine, ikiwemo ya kutambua maneno mazima ndani ya hadithi. Waliofundishwa sauti walisoma vizuri zaidi, hasa walioanza chekechea au darasa la kwanza. Kwa wakubwa faida ilipungua.

Kubahatisha hujificha. Kitabuni imeandikwa “farasi”, mtoto anatazama picha, anasema “punda”, nasi tunampongeza kwa kukaribia! Funika picha, mwandikie “rifasa”, neno lisilo na maana. Akikwama, bado hawezi kusoma kwa herufi. Hadithi aendelee kusomewa, maana ndizo zinazompa msamiati.