Korosho mpya si kighairi

Mwanafunzi mwingine tena, chini ya jedwali zuri kabisa, ameniandikia: "Hata hivyo, kila kanuni ina vighairi vyake." Nikiiona sentensi hiyo kalamu nyekundu hujisogeza yenyewe.

Kazi niliyotoa ni ndogo. Ni vivumishi vya ngeli ya N vilivyorekodiwa kwa wauza korosho wa hapa Mtwara: korosho ndogo, mbaya, ngumu, kubwa, tamu, mpya, ghali. Vinukuliwe, ruwaza idaiwe, na kinachoipinga kishughulikiwe.

Unukuzi nauwahi. Anayeandika [ngumu] amenakili tahajia, hajasikiliza. Kinachotamkwa ni [ŋgumu]. Ukurasa wa pili huyohuyo anadai kwamba nazali hufuata mahali pa kutamkia konsonanti inayoifuata. Dai ni sahihi, ila data yake mwenyewe inamkana, maana ameweka nazali ya ufizi kabla ya sauti ya kaakaa laini. Hapo nakata alama mara mbili bila huruma.

Kisha anadai kuwa nazali hubaki kabla ya konsonanti ghuna, kama ndogo na mbaya, na hudondoka kabla ya isiyo ghuna, kama kubwa na tamu. Vizuri. Sasa mpya je? [p] si ghuna, na nazali imeng'ang'ania palepale. Wengine hulifuta neno hilo, kana kwamba data sikuitoa mimi. Wengine huleta ile sentensi yao.

Jamani, jiulizeni mpya ina nini ambacho tamu haina. Hesabuni silabi! Shina -pya lina silabi moja, na mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nazali ikidondoka, mkazo unakosa pa kukaa. Kwa hiyo nazali inabaki, tena inakuwa silabi kamili: [ˈm̩pja]. Aliyeongeza nchi na nta, au aliyekumbuka kuwa tunasema anakula wala si "anala", nampa alama zote, kwa sababu ameionyesha sababu hiyo ikifanya kazi mbali na neno lililomsumbua.

Ghali nalo huwababaisha: [ɣ] ni ghuna, nazali iko wapi? Lipelekeni kwenye ngeli nyingine. Tunasema vitu ghali. Hakuna asemaye "vighali". Kivumishi hiki hakipokei kiambishi popote, basi hakina nazali ya kubakiza wala ya kudondosha. Kanuni haikihusu, na kisichohusika hakiwezi kuwa mfano kinzani.

Kinachoninyima raha mimi ni kingine. Huenda nazali ya mpya haibebi mkazo tu. Huenda lugha inakataa neno la aina hii liwe na silabi moja. Maelezo yote mawili yanatabiri umbo lilelile, na data yangu haiwezi kuyatenganisha. Vitabu huchagua moja na kusonga mbele. Mimi napokea lolote, ilimradi mwanafunzi aandike kwamba la pili bado halijapingwa.