Warfarini na kotrimoksazoli: dhana potofu kuhusu barua ya mfamasia kwa kliniki

Mgonjwa anayetumia warfarini akiandikiwa kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita septrini, mfamasia hapaswi kuzitoa zote mbili na kunyamaza. Warfarini huzuia damu isigande ovyo, na kotrimoksazoli inaweza kuzidisha nguvu yake hadi mgonjwa akavuja damu. Nguvu hiyo hufuatiliwa kwa INR, kipimo cha damu ambacho namba yake ikipanda, damu inachelewa zaidi kuganda. Mara nyingi dawa hizi mbili hutoka kwa waandikaji wawili tofauti: mmoja anatibu moyo, mwingine anatibu mkojo. Dirishani kwa mfamasia ndipo zinapokutana kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo barua inapoandikwa. Huu hapa ni mfano niliotunga, mfupi kama barua ya namna hii inavyotakiwa kuwa:

> YAH: Shaka ya mwingiliano kati ya warfarini na kotrimoksazoli. Jibu linahitajika leo.
>
> Daktari, mgonjwa mwenye namba ya jalada iliyo hapo juu, mwanamke wa miaka 68, ameleta leo cheti chako cha kotrimoksazoli miligramu 960 mara mbili kwa siku, kwa siku 5, kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa anatumia warfarini miligramu 5 kila jioni kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. INR yake ya mwisho, iliyopimwa wiki 3 zilizopita, ilikuwa 2.4, lengo lake ni 2 hadi 3. Dawa nyingine anayotumia ni parasetamoli pekee. Hana dalili ya kutokwa damu.
>
> Kotrimoksazoli hupunguza kasi ya ini kuivunja warfarini, hivyo INR inaweza kupanda ndani ya siku chache. Sijampa kotrimoksazoli. Nimemwambia aendelee na warfarini kama kawaida. Nimepiga simu saa 4:40 asubuhi na kuacha ujumbe kwa muuguzi wa zamu.
>
> Naomba uamuzi wako: (a) nitrofurantoini badala yake, iwapo figo zake zinaruhusu na maambukizi hayajapanda hadi kwenye figo, au (b) kotrimoksazoli ibaki, warfarini ipunguzwe, na INR ipimwe siku ya 3 hadi ya 5, kisha tena wiki moja baada ya kumaliza.

Karibu kila mstari wa barua hii una dhana potofu inayoupinga. Nimezisikia kwa wagonjwa, na nyingine kwa wenzetu wa taaluma.

Dhana: Barua ni mashtaka dhidi ya daktari.

Ukweli ni kwamba barua haisemi nani kakosea. Inampa daktari taarifa ambayo huenda hakuwa nayo alipoandika cheti. Mgonjwa anaweza kumwambia daktari wa mkojo kuwa anatumia “dawa ya moyo” na kuishia hapo, naye daktari akaandika dawa inayofaa kabisa kwa mkojo. Kwa hiyo barua nzuri haina maneno kama “umesahau” au “hukuzingatia”. Inataja dawa, dozi, tarehe na INR, kisha inaomba uamuzi. Ndiyo maana pia hutumwa moja kwa moja kwa mwandikaji, ndani ya bahasha iliyofungwa au kwa njia salama ya kliniki, wala haipigwi picha na kurushwa kwenye kundi la simu ambako jalada la mgonjwa litasomwa na wasiohusika.

Dhana: Akizimeza kwa saa tofauti, mwingiliano unaisha.

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Chanzo chake ni jambo la kweli, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Kuna dawa ambazo kweli hutenganishwa kwa saa. Siprofloksasini ikimezwa pamoja na vidonge vya madini ya chuma, hushikamana na madini hayo tumboni na kushindwa kuingia kwenye damu. Hapo kupishana kwa saa kadhaa kunasaidia, kwa sababu ugomvi wenyewe uko tumboni.

Ugomvi wa warfarini na kotrimoksazoli uko kwenye ini. Warfarini ni mchanganyiko wa molekuli za sura mbili, na ile yenye nguvu zaidi huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2C9. Sulfamethoksazoli, mojawapo ya dawa mbili zilizo ndani ya kotrimoksazoli, hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Mgonjwa anaweza kumeza warfarini jioni na kotrimoksazoli asubuhi. Kimeng'enya kitaendelea kuzuiwa mchana na usiku maadamu dawa iko mwilini. Warfarini ya jana haijaisha, ya leo inaongezeka juu yake. Dozi kwenye pakiti ni ile ile ya miligramu 5, lakini mwili unaipokea kama dozi kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo barua itaje namna mwingiliano unavyotokea, hata kwa sentensi moja. Daktari akisoma kuwa tatizo ni kuvunjwa kwa dawa kwenye ini, hatajibu “mwambie apishanishe saa”. Na hatabadilisha kwenda kwenye dawa nyingine yenye tatizo hilo hilo, kwani flukonazoli nayo huzuia CYP2C9, na metronidazoli na siprofloksasini nazo zinajulikana kupandisha INR.

Dhana: Kama kungekuwa na hatari, angevuja damu siku ya kwanza.

Warfarini haigusi protini za kugandisha damu ambazo tayari zimo kwenye mishipa. Inazuia ini kutengeneza mpya zilizo kamili. Kwa hiyo athari yake huonekana kadiri zile za zamani zinavyokwisha, na haziishi kwa kasi moja: nusu ya protini iitwayo faktori ya saba hutoweka kwa takriban saa 6, ilhali faktori ya pili huchukua siku 2 hadi 3. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kujisikia vizuri kabisa siku ya pili, mkojo umeanza kupona, huku INR ikipanda taratibu. Kipimo cha siku ya kwanza kitasoma 2.4 kama zamani na kumpa kila mtu faraja isiyo na msingi. Siku ya 3 hadi ya 5 ndipo kinapoanza kusema jambo la maana.

Hatari ya kuvuja damu hupanda kwa kasi INR ikipita 4.5 au 5. Dalili za kumtajia mgonjwa kwa maneno ya kawaida ni fizi kutoka damu, damu ya pua isiyokatika, michubuko bila kugongwa, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, na kichwa kuuma ghafla kwa nguvu. Choo cheusi na kichwa cha ghafla si vya kusubiri miadi. Ni vya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Dhana: Alishawahi kuzitumia pamoja na hakuna kilichotokea.

Kutovuja damu si sawa na INR kutopanda. Kama hakupimwa wakati ule, hakuna anayejua ilifika wapi. Tena mwili wa safari hii si ule wa mwaka juzi. Homa na kukosa hamu ya kula vyenyewe huweza kupandisha INR, kwa sababu vitamini K, ambayo warfarini hupambana nayo, hutoka kwa sehemu kubwa kwenye chakula. Mgonjwa huyu ana maambukizi na pengine hali chakula vizuri. Swali la “umekula vipi siku hizi mbili?” lina nafasi yake dirishani, na jibu lake likiwa baya linastahili mstari ndani ya barua.

Swali jingine ni dawa alizonunua mwenyewe. Aibuprofeni, kwa mfano, inaweza kujeruhi tumbo na kuzuia chembe sahani, zile zinazosaidia kuziba jeraha, kushikana bila INR kuonyesha badiliko kubwa. Barua inayosema “parasetamoli pekee” inamaanisha mfamasia aliuliza.

Dhana: Mfamasia asimamishe warfarini hadi kliniki ijibu.

Hapana. Mgonjwa wa mapigo yasiyo na mpangilio hupewa warfarini ili donge la damu lisijitengeneze ndani ya moyo na kupanda kwenye ubongo likaleta kiharusi. Kumwambia aiache kwa kuogopa damu ni kumwondoa kwenye hatari moja na kumtupa kwenye nyingine. INR yake ni 2.4, na dawa mpya bado hajaimeza, kwa hiyo hakuna sababu ya kugusa warfarini leo. Kinachosubiri ni kotrimoksazoli. Ila nayo haiwezi kusubiri siku tatu, maana maambukizi ya mkojo yakiachwa yanaweza kupanda kwenye figo. Kwa hiyo simu hupigwa kwanza, barua hufuata kama kumbukumbu ya kilichosemwa, na kichwa cha barua husema wazi kuwa jibu linahitajika leo. Mwandikaji asipopatikana, mfamasia humtafuta daktari mwingine wa kliniki ile ile. Mgonjwa haondoki na “rudi wiki ijayo”.

Dhana: Dawa zenye mwingiliano haziwezi kutumika pamoja kamwe.

Wakati mwingine huwezi kuikwepa kotrimoksazoli. Figo zikiwa dhaifu, nitrofurantoini haifikii kiwango cha kutosha kwenye mkojo, na maambukizi yakishafika kwenye figo dawa hiyo haifai. Huenda pia kipimo cha kuotesha vimelea kimeonyesha kuwa kotrimoksazoli ndiyo inayowaua. Mfamasia haoni majibu ya figo wala ya maabara, kliniki inayo. Kwa hiyo pendekezo (a) limewekewa masharti, na pendekezo (b) lipo.

Daktari akichagua (b), mara nyingi hupunguza dozi ya warfarini kwa robo au zaidi kidogo tangu mwanzo, kisha hurekebisha kwa INR. Ni uamuzi wake, kwa kuwa anamjua mgonjwa na lengo lake la INR. Na hata akichagua (a), kipimo cha INR wiki hiyo hiyo bado kina maana, kwa sababu ya homa na chakula nilivyoeleza.

Dhana: Antibiotiki ikiisha, kazi imekwisha.

Kotrimoksazoli ikitoka mwilini, CYP2C9 hurudi kazini na warfarini huanza kuvunjwa kwa kasi yake ya zamani. Kama dozi ilipunguzwa hadi, tuseme, miligramu 3.5 na hakuna aliyeirudisha, INR itashuka chini ya 2, na kinga dhidi ya donge itapungua bila mgonjwa kuhisi chochote. Ndiyo maana barua inaomba vipimo viwili, na cha pili ni wiki moja baada ya kidonge cha mwisho. Tarehe hiyo iandikwe pia kwenye kadi ya INR ya mgonjwa, pamoja na dozi aliyokuwa akitumia kabla, ili atakayempima, hata akiwa wa kliniki nyingine, ajue dozi ya kuirudia.