Imla ya Kiingereza: lisome kosa kabla ya kulisahihisha

Nasomesha Kiingereza skuli ya msingi hapa Wete, na kila wiki natoa imla moja fupi. Ya wiki hii ilikuwa: "My son knew the right hour to write." Nimeichagua makusudi, maana "son" inasikika sawa na "sun", "knew" na "new", "hour" na "our", na "right" na "write" zote mbili zimo humo humo.

Maneno haya hayatolewi moja moja. Ukitamka "hour" peke yake, mtoto akaandika "our", hana kosa. Kwa hivyo mara ya kwanza naisoma sentensi nzima, kalamu chini, wapate maana. Mara ya pili naisoma kwa vipande, wakiandika. Mara ya tatu nzima tena, wajikague.

Uzito wa kazi uko kwenye kusahihisha. Mtoto mmoja kaandika: "My sun new the right our to right." Mwenzake: "Mai san nyu the rait awa tu rait." Wa kwanza kasikia vizuri, na kila neno aliloandika lina tahajia sahihi, alichokosa ni kulioanisha neno na maana. Kumwandikisha "hour" mara kumi ni kumchosha bure. Mimi humuuliza "our" maana yake nini. Akisema "yetu", anaiona mwenyewe sentensi ilivyoharibika. Wa pili anaandika kwa kanuni za Kiswahili, ambako herufi huandikwa ili isomwe. Huyu ndiye wa kufundishwa herufi zisizotamkwa.

Hapo masomo ya chuoni, ya kusoma Kurani, yananisaidia sana. Watoto wetu wanajua kwamba lamu ya "ash-shamsi" huandikwa na haisomwi, basi hawashangai nikiwaambia "k" ya "knew" ilitamkwa zamani, ikaachwa na ndimi na kubaki kwenye maandishi. Kisha natafuta neno jamaa ambamo herufi hiyo inasikika: "w" ya "two" imo katika "twelve" na "twenty", "g" ya "sign" imo katika "signal", na "b" ya "debt" imo katika "debit". "Write" haina jamaa wa namna hiyo, maana hata "wrote" na "written" ziko kimya. Hilo nalifunza kwa kundi: "write", "wrong", "wrist", "w" ikitangulia "r" mwanzoni mwa neno, haitamkwi.

Kuna kosa la tatu linalofanana na haya lakini si la aina yao. "Hat", "hut", "heart" na "hurt" midomoni mwetu hukaribia kuwa neno moja, ilhali kwa Kiingereza kila moja lina sauti yake. Mtoto akiandika "hat" badala ya "hut", tatizo liko sikioni, au kwenye matamshi ya mwalimu. Hapo naweka kalamu pembeni: nachora kofia na kibanda ubaoni, natamka moja, wao wananyooshea kidole picha. Wakishazitofautisha kwa sikio ndipo nazitia kwenye imla.