Mzee anayesahau kula: apikiwe nini, na ale vipi?

Babangu ana miaka 78, kumbukumbu zimempungua na anaishi peke yake Mji wa Kale, Mombasa. Namwachia wali na samaki asubuhi, jioni naikuta hotipoti imejaa, naye aapa kwamba amekula. Nimpikie nini?

Shida haiko kwenye mapishi, iko kwenye ile hotipoti. Mtu wa hali yake haoni chakula kilichofunikwa, na asichokiona ni kama hakipo. Njaa yenyewe huweza kumjia asijue kuwa ni njaa. Wala hasemi uongo: mlo wa leo haupo kichwani, kwa hiyo anajibu kwa mazoea ya miaka yake yote. Liache lile swali la "Umekula?" Keti, pakua, kisha umwambie, "Baba, karibu tule." Akiona mwenzake anatia tonge mdomoni, mkono wake nao utaifuata sahani.

Kisha mlo ufungamanishe na jambo ambalo bado hajalisahau. Ikiwa adhana bado humwinua kitini, basi hiyo ndiyo saa yake. Baada ya Alfajiri apate mayai 2, hamri na glasi ya maziwa. Baada ya Adhuhuri, wali wa nazi na kipande cha nguru kinachoenea kiganja. Nguru hana miiba midogo mingi kama changu, ingawa bado inafaa ukitoe mwiba kabla ya kupakua. Baada ya Magharibi, kikombe cha mbaazi za nazi na mkate, na kabla ya kulala glasi ya mtindi. Kwa mzee wa kilo 56, siku ya namna hii inampa gramu 60 za protini au zaidi, na hizo humsaidia misuli isinyauke. Akila nusu tu, usiongeze wingi wa chakula. Kitie nguvu: tui zito kwenye mbaazi, kijiko cha maziwa ya unga kwenye uji.

Mchana niko kazini. Nimwachie nini mezani?

Mwachie vitu vya kushika kwa mkono, viwe wazi mbele ya kiti anachopenda: ndizi mbivu, vipande vya mkate wa mayai, viazi vitamu vya kuchemsha. Tumia sahani ya rangi moja iliyokoza, kwani wali mweupe kwenye sahani nyeupe yenye maua humpotea machoni. Weka vitu viwili au vitatu tu, vikizidi atashindwa kuchagua. Kando yake weka jagi la maji lisilo na kifuniko, maana kwa joto la Mombasa mzee huishiwa na maji mwilini kabla hajahisi kiu.

Wali na samaki usiviache mezani. Vikipoa na kukaa zaidi ya masaa mawili kwa joto hili, vinaweza kumharibia tumbo. Mlo wa Adhuhuri ni bora uletwe na mtu ambaye atakaa naye hata dakika 20: mjukuu, jirani, au mama ntilie wa karibu unayemlipa kwa wiki. Kwa maoni yangu, pesa za kumlipa mtu huyo zina faida kuliko za vitamini za dukani.

Ana kisukari pia, na dawa anameza mwenyewe.

Hili lishughulikie leo. Ikiwa anatumia insulini au glibenklamidi halafu hakula, sukari inaweza kushuka vibaya. Ataloa jasho, atatetemeka na kuchanganyikiwa, nanyi mtadhani ni usahaulifu wake ule ule. Mpimeni. Ikiwa chini ya 4 mmol/L na anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko 4 vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui, msimtie kitu mdomoni; mkimbizeni hospitali. Dawa zitoke mikononi mwake, apewe na anayeleta chakula, na daktari aelezwe kwamba anaruka milo. Huenda akambadilishia.

Nitajuaje kama anakula vya kutosha?

Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ile ile. Aliyekuwa na kilo 60 akafika 57 ndani ya miezi michache bila kukusudia apelekwe kliniki. Huko aangaliwe meno, dalili za huzuni, na damu ipimwe tezi ya shingo na vitamini B12, kwani haya nayo hudhoofisha ulaji au kumbukumbu, na yana dawa. Akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti ikiwa kama ina maji kooni baada ya tonge, mwambie daktari: huenda chakula kinapita njia ya hewa.

Na ukikuta sufuria iliyoungua au gesi imeachwa wazi, ondoa mtungi siku hiyo hiyo. Hapo utaratibu wa sahani mezani umefika mwisho wake, anahitaji mtu wa kuishi naye.