Mpangaji akigeuka Wapangaji: kurekebisha mkataba bila kuacha mabaki

Mkataba wa pango wa fremu ya biashara uliandikwa kwa mtu mmoja. Baada ya miezi sita anaingia mbia, na mwenye fremu anataka jina la huyo mpya liwemo. Kazi hii wengi huimaliza kwa dakika moja: wanafungua faili, wanabadilisha «Mpangaji» kuwa «Wapangaji» kwa `Replace All`, wanaongeza mstari wa saini, wanachapa. Kinachotoka hapo ni karatasi yenye sentensi kama «Wapangaji atalipa», na hilo ndilo kosa dogo. Makubwa hayaonekani kwa macho.

Kiswahili hakiweki umoja na wingi kwenye jina peke yake. Kinautawanya hadi kwenye kitenzi, kwenye kimilikishi, na katikati ya kitenzi cha mtu mwingine. Tazama kifungu hiki cha kawaida kabisa:

«Mpangaji atalipa kodi ya Sh. 400,000 kila mwezi. Akichelewa kwa zaidi ya siku 14, Mpangishaji atampa notisi ya maandishi kwa anwani yake, na asipolipa ndani ya siku 30 tangu aipokee, Mpangishaji anaweza kuvunja mkataba naye.»

Maneno yanayomhusu mpangaji hapa ni manane: Mpangaji, atalipa, akichelewa, atampa, yake, asipolipa, aipokee, naye. `Replace All` inashika moja tu. Tena, neno «anaweza» lina umbo lilelile la umoja lakini halitakiwi kuguswa, kwa sababu mwenye fremu bado ni mmoja. Ndiyo maana kubadilisha viambishi kwa mkupuo ni hatari kuliko kutobadilisha: utamfanya Mpangishaji naye awe kundi.

Kwa hiyo mimi hutumia kompyuta kutafuta, si kubadilisha. Katika Word, fungua `Advanced Find`, bonyeza `More`, weka tiki kwenye `Use wildcards`, kisha pitisha hizi moja baada ya nyingine na usome kila inachokamata:

```
<[Aa]ta[a-z]@>
<[Hh]ata[a-z]@>
<[Aa]ki[a-z]@>
<[Aa]sipo[a-z]@>
<[a-z]@ake>
<[a-z]@ye>
```

Ya kwanza inaleta atalipa na atampa, ya pili inaleta hatalipa. Mabano ya mraba yenye herufi kubwa na ndogo yana sababu: Word ikiwa katika hali hiyo hutofautisha herufi, na «Akichelewa» la mwanzo wa sentensi lingepita. Utakamata pia visivyohusika, kama hatari, akiba na baadaye. Viruke tu. Neno «aipokee» halitanaswa na yoyote kati ya hizo, wala «aliyesaini», kwa hiyo baada ya kutafuta lazima usome mkataba wote kwa sauti, na kwa kila kitenzi ujiulize: nani huyu?

Vimilikishi ndivyo vinavyochelewesha kazi, kwa sababu kitu kinachomilikiwa nacho huenda kikawa wingi. «Kitambulisho chake» hakiwi «kitambulisho chao» bali «vitambulisho vyao». «Anwani yake» ina njia mbili: «anwani yao» ni sanduku moja la posta wanalotumia wote, «anwani zao» ni kila mtu na lake. Herufi moja hapo inaamua notisi ipelekwe wapi, na huwezi kuichagua bila kuwauliza wahusika.

Sasa tuseme umemaliza sarufi yote:

«Wapangaji watalipa kodi ya Sh. 400,000 kila mwezi. Wakichelewa kwa zaidi ya siku 14, Mpangishaji atawapa notisi ya maandishi kwa anwani zao, na wasipolipa ndani ya siku 30 tangu waipokee, Mpangishaji anaweza kuvunja mkataba nao.»

Mwalimu wa Kiswahili ataupa alama zote. Mwanasheria atauliza maswali matatu. Hizo 400,000 ni za wote au za kila mmoja? Mmoja akileta 200,000 yake kwa wakati, naye «amechelewa»? Mmoja akipokea notisi tarehe 3 na mwenzake tarehe 11, siku 30 zinaanza lini? Kifungu cha awali hakikuwa na maswali hayo, maana mtu mmoja hawezi kugawanyika. Wingi ndio umeyaleta.

Kuhusu deni, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, tayari ina msimamo: watu wawili wakiahidi kwa pamoja, aliyeahidiwa anaweza kumdai yeyote kati yao ahadi nzima, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo waziwazi. Mbia anayeingia akidhani anadaiwa nusu ajue hilo kabla ya kusaini, si baada. Liandikwe.

Njia ninayoipenda ni kumwondoa mtu kwenye sentensi pale inapowezekana na kukifanya kitu kiwe mtendwa. Kodi haibadiliki hata wapangaji wakiwa kumi:

«Kodi ya fremu ni Sh. 400,000 kwa mwezi kwa jumla, na kila Mpangaji anawajibika kwa kiasi chote. Ikichelewa kulipwa kwa zaidi ya siku 14, Mpangishaji atampa kila Mpangaji notisi ya maandishi kwa anwani yake. Isipolipwa ndani ya siku 30 tangu Mpangaji wa mwisho aipokee notisi hiyo, Mpangishaji anaweza kuvunja mkataba na Wapangaji wote.»

Angalia kwamba «kila Mpangaji» na «Mpangaji wa mwisho» vimerudisha umoja: atampa, yake, aipokee. Baada ya «kila» usiandike wingi.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuandika mwanzoni kwamba fulani na fulani «kwa pamoja wataitwa Mpangaji», kisha wanaacha mwili wa mkataba ulivyo. Sarufi inapona, lakini yale maswali matatu yanabaki vilevile. Na kifungu cha «Mpangaji akifariki» kinageuka kitendawili: afariki mmoja, au wote?

Kuna mambo yasiyotakiwa kuingia kwenye wingi. Yaliyokwisha kutendeka yabaki kwa jina la aliyeyatenda: kama amana ililipwa na wa kwanza peke yake, usiandike «Wapangaji wamelipa amana», utampa mgeni haki ya kudai fedha asiyoitoa. «mpangaji mwingine wa jengo hili», kwa herufi ndogo, ni jirani, muache. Namba nazo zikaguliwe: «nakala mbili» huenda ziwe tatu, lakini «pande mbili» zinabaki mbili, upande wa mwenye fremu na upande wa wapangaji.

Mmoja akitoka, safari ni ya kurudi, na mabaki ni ya aina nyingine. Tafuta «mwenzake», «kati yao», «kila», «wote», «yeyote», «kwa jumla» na «wa mwisho». Kisha andika tarehe ya kutoka, na useme wazi madeni ya kabla ya tarehe hiyo ni ya nani. Kufuta jina lake kwenye ukurasa wa kwanza hakumwondolei kodi ya miezi aliyokuwamo, na kama mwenye fremu amekubali kumwachilia, kukubali huko kuwe na saini yake mwenyewe.